Barua ya faini kutoka Firenze: namba za vifungu, siku za kulipa, na kinachofuata usipolipa

*“Habari mtaalamu. Juni mwaka jana mimi na mume wangu tulikodi gari Italia. Jumatano hii, tarehe 12 Februari 2025, nimeitwa posta hapa Dar nikasaini barua ya rejista kutoka Firenze, nimeambatanisha picha. Naona ‘art. 7 commi 9 e 14’ na kiasi tatu tofauti za pesa. Kampuni ya magari ilishanikata yuro 50 kwenye kadi mwezi Oktoba, nikajua ndiyo faini. Je, nalipa mara mbili? Nina siku ngapi? Na nisipolipa, nitapata shida ya viza?”*

Dada, anza na tarehe, maana ndiyo inayokimbia. Ukitaka kulipa kiasi kidogo kuliko vyote, pesa iwe imefika ifikapo Jumatatu tarehe 17 Februari. Ukikosa hiyo, bado una hadi katikati ya Aprili kulipa kiasi cha kati. Zile yuro 50 za Oktoba hazikuwa faini.

Ulichopokea kinaitwa *verbale*, yaani hati rasmi ya kosa, imetolewa na polisi wa manispaa ya Firenze. Kwenye mstari wa *violazione* kuna “art. 7, commi 9 e 14 C.d.S.” Herufi C.d.S. ni kifupi cha Codice della Strada, sheria ya barabarani ya Italia ya mwaka 1992. Ibara ya 7, kifungu kidogo cha 9, inaipa manispaa mamlaka ya kutenga sehemu za mji ambazo magari yasiyo na kibali hayaingii. Kifungu kidogo cha 14 kinataja adhabu ya anayeingia. Sehemu hizo zinaitwa *zona a traffico limitato*, na kwenye karatasi nyingi utaona ZTL tu. Kwa hiyo kosa lako si mwendo kasi wala maegesho. Gari mlilokodi lilipita chini ya kamera ya lango la mji mkongwe bila namba yake kuwa kwenye orodha ya magari yenye ruhusa.

Saa iliyoandikwa kwenye picha ni 18:42, tarehe 14/06/2024, siku ya Ijumaa. Katikati ya Firenze kizuizi hicho hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, hivyo saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili jioni ilikuwa bado ndani ya muda. Wageni wengi hunaswa na ubao wa taa uliopo langoni. Ukiandika VARCO ATTIVO, mgeni husoma “lango liko wazi, pita”. Maana yake ni kinyume: kamera inafanya kazi, usipite bila kibali. VARCO NON ATTIVO ndiyo ruhusa ya kupita.

Hakuna askari aliyewasimamisha, na hilo haliibatilishi hati. Kamera husoma namba ya gari, mashine huilinganisha na orodha ya vibali, kisha askari hukagua picha na kuthibitisha. Ndiyo maana hamkujua lolote siku ile.

Sasa zile yuro 50. Polisi walipotafuta mwenye gari walikuta jina la kampuni ya kukodisha. Kampuni ikawajibu kwamba siku hiyo gari lilikuwa kwako, ikawapa jina na anwani iliyo kwenye mkataba, kisha ikakutoza ada ya kazi hiyo. Ada hiyo imo kwenye masharti ya mkataba uliosaini, na hata senti moja haiendi manispaa. Baada ya hapo polisi wakaandika hati mpya kwa jina lako. Kwa hiyo ndiyo, unatoa pesa mara mbili, ila ni kwa vitu viwili tofauti. Kinachofaa kuangaliwa ni kama kampuni ilikata ada moja kwa hati moja. Ukiona makato mawili na barua imekuja moja, subiri ya pili, kwa sababu kila kupita langoni kunaweza kuandikiwa hati yake. Kuingia kupitia lango moja na kukatiza lingine dakika kumi baadaye ni jambo la kawaida kwa mtu anayetafuta hoteli.

Jina lako limewekwa kwenye karatasi kama mtu aliyekodi gari, na sheria inamfanya aliyekodi awajibike kwa faini pamoja na aliyekuwa kwenye usukani. Hata kama mume wako ndiye aliyeendesha jioni hiyo, kwa kosa hili haibadilishi kitu, kwa kuwa kuingia ZTL hakukatwi pointi za leseni. Usihangaike kuandika barua ya kueleza nani alikuwa dereva.

Hapo namba ya kifungu ina kazi kubwa. Kama karatasi ingesema art. 142, lingekuwa kosa la mwendo, na kifungu kidogo kingekuambia uzito wake. Comma 7 ni kuzidisha hadi kilomita 10 kwa saa, faini inaanzia yuro 42 bila pointi. Comma 8 ni kuzidisha zaidi ya 10 hadi 40, faini inaanzia yuro 173 na pointi 3. Comma 9 na 9-bis ni mwendo wa hatari zaidi, na hapo leseni husimamishwa. Art. 146 comma 3 ni kupita taa nyekundu. Kwenye makosa yenye pointi karatasi huwa na fomu ya kutaja dereva, inayotokana na art. 126-bis, nayo lazima irudishwe ndani ya siku 60. Watu hulipa faini, huona wamemaliza, hutupa fomu, kisha hupokea hati ya pili ya kuanzia yuro 291 kwa kutotaja dereva. Picha yako haina fomu hiyo, na haitakiwi kuwa nayo.

Twende kwenye zile kiasi tatu. Sheria inaweka kiwango cha chini na cha juu cha kila kosa. Kwa ZTL ni yuro 83 hadi 332. Ukilipa ndani ya siku 60 unalipa kile cha chini. Ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30 ya hicho cha chini, inabaki 58.10. Ukipitisha siku 60, deni linakuwa nusu ya kiwango cha juu, yaani 166. Juu ya kila kimoja kuna *spese*, gharama za kutafuta jina na kutuma barua nje ya nchi, ambazo kwenye karatasi yako ni yuro 22.50. Gharama hizo hazipunguzwi hata ukilipa siku ile ile. Ndiyo maana unaona 80.60, kisha 105.50, kisha 188.50.

Siku hazihesabiwi kuanzia tarehe ya kosa wala tarehe iliyopigwa chapa juu ya barua. Zinahesabiwa tangu ulipopokea na kusaini. Siku ya kusaini yenyewe haihesabiwi, lakini Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Ulisaini tarehe 12, kwa hiyo siku ya kwanza ni 13 na ya tano ni Jumatatu tarehe 17. Siku ya sitini inaangukia Jumapili tarehe 13 Aprili. Siku ya mwisho ikiwa ya mapumziko husogea hadi siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu tarehe 14. Usipange kulipa siku hiyo. Pesa inayotoka Dar es Salaam inaweza kukwama njiani siku mbili tatu, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulilipa kwa wakati utakuwa wako. Tunza kile kikaratasi cha posta ulichoitiwa na bahasha yenye stempu, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyesha ulisaini lini.

Huenda unajiuliza kama barua ya miezi minane baadaye bado ni halali. Ni halali. Kwa mtu anayeishi nje ya Italia, sheria inawapa siku 360 za kufikisha hati, wakati mkazi wa Italia hupewa siku 90. Tangu 14 Juni 2024 hadi 12 Februari 2025 ni siku 243. Hata ungehesabu kwa namna inayokupendelea zaidi, tangu siku ya kosa lenyewe, hawajachelewa. Wao wangehesabu tangu kampuni ya magari ilipowapa jina lako, jambo linalowaongezea muda zaidi. Vilevile kwa upande wao inayohesabiwa ni siku waliyoikabidhi barua posta, siyo siku uliyoichukua wewe.

Kuhusu kulipa, kwa tarehe 17 tumia kadi, usitume kupitia benki. Kwenye ukurasa wa maelezo ya malipo kuna anwani ya tovuti, namba ya hati na neno la siri au namba ya kufungulia. Andika anwani hiyo kwa mkono kama ilivyo kwenye karatasi yenyewe. Usiitafute kwenye mtandao, wala usibofye kiungo ulichotumiwa kwa ujumbe wa simu. Ukiwa na wasiwasi na karatasi, ingia tovuti ya manispaa, `www.comune.fi.it`, uone ofisi ya faini inaelekeza malipo wapi, kisha linganisha. Ukishaingia utaona picha ya gari langoni. Itazame kabla ya kulipa na ulinganishe namba ya gari, herufi kwa herufi, na ile iliyo kwenye mkataba wa kukodi. Angalia pia saa uliyolichukua gari na saa uliyolirudisha. Kisha lipa kwa Visa au Mastercard ambayo benki yako imeifungulia manunuzi ya mtandaoni ya nje. Malipo ya namna hii mara nyingi hukataliwa kwa sababu tu kadi haijafunguliwa au kikomo cha siku ni kidogo, kwa hiyo ipigie benki simu leo Ijumaa, usingoje Jumatatu mchana.

Ukiamua kulipa 105.50 ndani ya siku 60, uhamisho wa benki unafaa, lakini una mitego miwili. Wa kwanza ni makato ya njiani. Benki hukuuliza nani abebe gharama: ukichagua SHA, benki za katikati huchota chao, na manispaa inapokea labda 93 badala ya 105.50. Pesa pungufu haifungi deni. Wataihesabu kama malipo ya awali, na ikipita siku ya 60 watadai tofauti kati yake na kile kiasi kikubwa. Chagua OUR ili gharama zote ziwe juu yako na kiasi kifike kamili. Wa pili ni namba ya akaunti. IBAN ya Italia ina tarakimu na herufi 27 kamili: inaanza na IT, tarakimu mbili, herufi moja, kisha zilizobaki. Mtu anayenakili kutoka kwenye picha ya simu husoma sifuri kuwa O, au 8 kuwa B. Nakili kutoka kwenye karatasi, hesabu zifike 27, kisha mtu mwingine akusomee kwa sauti. Kwenye sehemu ya sababu ya malipo andika namba ya hati, namba ya gari na tarehe ya kosa, hivi:

```
VERBALE 000000/2024 TARGA XX000XX 14/06/2024
```

Bila maandishi hayo pesa itaingia kwenye akaunti ya manispaa bila kujulikana ni ya nani, na hati yako itaendelea kuonekana haijalipwa. Risiti itunze miaka mitano.

Kabla ya kulipa, amua kama una hoja ya kupinga, kwa sababu ukishalipa haki ya kupinga imekwisha. Hoja zinazosimama ni chache. Namba ya gari kwenye picha siyo ya gari lako. Gari ulikuwa umesharudisha, na mkataba unaonyesha saa. Barua imepita siku 360. Au hoteli yenu ilikuwa ndani ya ZTL na iliiandikisha namba ya gari manispaa. Hili la mwisho ndilo ningekushauri ulichunguze leo hii. Hoteli za katikati ya Firenze huweza kupeleka namba ya gari la mgeni ili aruhusiwe kufika mlangoni kushusha mizigo. Kama mlilala ndani ya eneo hilo, waandikieni hoteli barua pepe mkiwapa namba ya gari na tarehe, muwaombe uthibitisho kwamba waliipeleka. Kama waliipeleka, mna hoja ya kweli. Kama walisahau, kuandikisha sasa, miezi minane baadaye, hakusaidii. Waulizeni wao kama watawafidia.

“Sikuelewa ubao”, “simu ndiyo iliyotuelekeza” na “hatujui Kiitaliano” hazijawahi kuwa kinga, hata kama ni za kweli kabisa.

Njia za kupinga ni mbili, na unachagua moja. Ya kwanza ni kwa Prefetto wa Firenze, mwakilishi wa serikali kuu, ndani ya siku 60. Ni bure na hufanyika kwa maandishi, lakini akikataa, faini inakuwa angalau mara mbili ya kiwango cha chini, yaani kuanzia 166, pamoja na gharama. Ya pili ni kwa Giudice di Pace, hakimu wa mashauri madogo. Mkazi wa Italia hupewa siku 30 na anayeishi nje 60, na kufungua shauri kunagharimu yuro 43. Pima mwenyewe: kwa faini ya 80.60, kesi ya yuro 43 pamoja na kutuma nyaraka kwa Kiitaliano ina maana tu kama una ushahidi mkononi. Katika picha yako sioni kasoro yoyote. Kama hoteli haitawajibu kwa ushahidi kabla ya Jumatatu, mimi ningelipa.

Na ukiamua kutolipa? Muda wa siku 60 ukishapita deni linakuwa 188.50, na hati yenyewe inapata nguvu ya hukumu bila kwenda mahakamani. Likiendelea kukaa, huongezwa asilimia 10 ya zile 166, yaani yuro 16.60, kwa kila miezi sita. Baada ya miaka miwili na nusu utakuta 249 na gharama za 22.50, jumla 271.50, kabla ya ada ya mkusanya madeni ambaye manispaa itamkabidhi. Deni hufa baada ya miaka mitano, lakini kila barua halali ya madai unayopokea inaanzisha hesabu ya miaka mitano upya. Kwa hiyo kungoja life ni mpango mbovu.

Hapa Tanzania hakuna askari wa kukugongea mlango kwa deni hili. Utaratibu wa kutambuliana faini za kuanzia yuro 70 ni wa nchi za Umoja wa Ulaya zenyewe, na Tanzania haimo. Ndugu wa Kitanzania anayeishi Ujerumani au Uholanzi yuko kwenye hali nyingine kabisa. Yeye faini kama hii inaweza kupelekwa kwa mamlaka ya nchi anayoishi na akadaiwa huko. Ukihamia Ulaya ndani ya miaka hiyo, na wewe utaingia kundi hilo.

Kuhusu viza, tulia. Hii ni faini ya kiutawala, siyo kosa la jinai, na haikuachii rekodi ya hukumu. Fomu ya viza ya Schengen haikuulizi faini za barabarani. Leseni yako ya Tanzania pia haiguswi. Italia huwawekea wageni hesabu yao ya pointi, na anayefikisha pointi 20 ndani ya mwaka mmoja huzuiwa kuendesha nchini humo kwa miaka miwili, lakini kosa lako, kama nilivyosema, halina pointi hata moja.

Jambo la mwisho ni picha uliyotuma. Umefunika jina lako, vizuri, lakini namba ya hati, namba ya gari na lile neno la kufungulia tovuti vinasomeka. Vitu hivyo vitatu vinamtosha mtu mwingine kuona taarifa zako, au kukutengenezea barua ya pili ya uongo yenye akaunti yake. Kama umeituma pia kwenye kundi la wanafamilia au la wasafiri, ifute na uweke nyingine iliyofunikwa. Tuma pia picha ya upande wa nyuma ukiweza, maana ndiko yanakoandikwa masharti ya kukata rufaa, na nitakuonyesha mahali penye anwani ya Prefetto endapo hoteli itajibu vizuri.